Sampuli za skonzi zimesifiwa hotelini, sasa wiki ya tatu kimya. Nimekosea wapi?

Mwokaji wa Usiku (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Naleta jambo langu hapa kwa sababu humu kuna waliosambaza mahotelini na shuleni, na kuna waliowahi kukaa upande wa pili, wa kupokea.

Naoka skonzi nyumbani. Nina oveni moja ya gesi inayobeba trei mbili, kila trei skonzi 12. Wateja wangu ni majirani na maduka mawili. Wiki tatu zilizopita nilijikaza nikaenda kwenye hoteli moja ya vyumba kama 40 nikiwa na skonzi 24. Nilizitoa kwenye oveni saa tano asubuhi, nikazifunga kwenye mifuko miwili ya plastiki na kuondoka hapo hapo ili zifike na joto lake. Saa sita na nusu nilikuwa mapokezi. Mpishi mkuu aliitwa, akatoka jikoni huku anapangusa mikono, akamega moja akala pale pale. Akasema, "Laini kweli hii, na inanukia." Akachukua mifuko yote miwili, akaniambia watanipigia.

Hawajapiga. Nimepiga mimi mara mbili. Mara ya kwanza meneja hayupo, mara ya pili nikaambiwa wana msambazaji wao tayari. Bei hawakuniuliza na mimi sikuitaja.

Kama bidhaa imesifiwa, kilichokwama ni nini? Niende na bei ya chini? Nirudi na sampuli nyingine? Kazi hii naitaka kwa dhati, kwa hiyo nisemeni tu ukweli.

Sambaza Mapema

Mkuu, hotelini mpishi ndiye kila kitu. Akishaipenda bidhaa umemaliza. Kosa lako ni kupeleka mara moja ukakaa kusubiri. Mpelekee bure wiki nzima, kila siku, mpaka jikoni wazoee skonzi zako. Siku ya nane usipeleke, watakutafuta wenyewe. Mimi niliingia mgahawa mmoja na chapati kwa njia hiyo.

Mama Kengele

Mwanangu, achana na hoteli, nenda shule. Mimi nina mwaka wa sita napeleka mboga za majani na kabichi shule ya bweni, na mdomo wa mwanafunzi hauna likizo mpaka shule ifungwe. Tatizo ni hapo hapo pa kufunga. Mwaka wa kwanza sikuomba kalenda yao. Nilipanda nikihesabu wiki, mboga zikafika kimo cha kuchumwa siku ile ile mabasi yanabeba watoto kwenda nyumbani. Shamba lote lilichanua maua mbele ya macho yangu. Sasa kabla sijatia mbegu naomba tarehe za kufungua, za kufunga, mapumziko ya katikati ya muhula, na idadi ya watoto watakaobaki kwa mitihani. Kwa shule hilo ni la kwanza, bei inakuja baadaye.

Mwokaji wa Usiku

Shikamoo mama. Shule nayo nitaifikiria, nashukuru kwa habari ya kalenda. Kwa sasa nataka kuelewa hii hoteli imeniponyokaje.

Mama Kengele

Marahaba mwanangu. Kumbe nilisoma haraka, nikadhani unachagua pa kwenda. Basi ngoja waje wa hoteli.

Mpokea Mzigo

Mleta uzi, nilikaa stoo ya hoteli miaka tisa, kisha minne kwenye manunuzi ya hoteli nyingine. Kabla sijasema lolote nijibu maswali manne.

Moja, zile skonzi ulizifunga zikiwa na joto kiasi gani?

Mbili, uliwauliza wanazitumia kwenye nini?

Tatu, umewahi kupima skonzi zako kumi moja moja kwenye mizani?

Nne, kwenye ile mifuko ulibandika nini?

Mwokaji wa Usiku

Zilikuwa moto kabisa, mfuko uliingia ukungu kwa ndani. Nilidhani ndiyo sifa yake, wajue ni za leo. Matumizi sikuuliza, nilijua ni za chai ya asubuhi. Mizani ninayo ya unga tu, madonge nakata kwa jicho. Kwenye mfuko sikubandika kitu, namba ya simu nilimwachia dada wa mapokezi kwenye karatasi.

Mpokea Mzigo

Basi nakueleza nadhani ilikwendaje, maana nimeiona mara nyingi mno.

Ulifika saa sita na nusu, jikoni wako kwenye kuhangaikia chakula cha mchana. Mpishi amekula moja, amekusifu kwa kweli, wala hakukudanganya. Kisha mifuko imewekwa juu ya rafu na hakuna aliyeigusa mpaka usiku au kesho yake asubuhi, kwa sababu skonzi hotelini ni ya kifungua kinywa. Ule mvuke ulioushangilia umegeuka maji ndani ya mfuko. Asubuhi mtu wa zamu amefungua, amekuta ngozi ya juu imelowa na kukunjamana, zimegandana, ukizitenganisha zinachunika. Hiyo ndiyo sampuli waliyoijaribu, ile ya moto ulikula wewe na mpishi peke yenu. Zaidi ya hapo mfuko hauna jina, hauna tarehe, hauna namba. Mtu wa zamu hajui ni za nani wala za lini. Mzigo usio na tarehe kwenye jiko linalokaguliwa hutupwa.

Skonzi ndogo ikitoka kwenye oveni ipe kama saa nzima juu ya waya, hewa ipite chini yake, mpaka ukiikata katikati usisikie uvuguvugu. Hapo ndipo unafunga. Kwenye trei bapa usiiache ipoe humo, tako lake litalowa.

Na wewe, Sambaza Mapema, kuhusu mpishi umesema nusu. Mpishi anaweza kukukataza, lakini hawezi kukuingiza peke yake. Hoteli ya vyumba 40 ina watu watatu wa kupita. Mpishi anaamua kama bidhaa inafaa. Mtu wa manunuzi anaamua bei na masharti, ndiye anayekupa oda ya maandishi. Mhasibu analipa, naye hajali ladha, anataka karatasi zilingane. Mleta uzi amekutana na mmoja tu.

Sambaza Mapema

Kwenye mgahawa wangu mwenye mgahawa ndiye mpishi, ndiye mnunuzi, ndiye mhasibu. Labda ndiyo maana ilinikubali. Lakini sampuli za wiki nzima bado nazitetea.

Meza Kumi

Nina mgahawa mdogo, naomba nijibu hilo kama mnunuzi. Mtu akiniletea bure siku saba nafurahi, lakini sijifunzi chochote kuhusu yeye. Sijui bei yake nitaivumilia, sijui nikiagiza 60 badala ya 40 ataweza, sijui siku ya mvua atafika saa ngapi. Halafu siku ya nane akinitajia bei, mimi nimezoea bure, kila bei naiona kubwa. Aliyenipata mimi aliniambia, "Nipe wiki mbili, siku tatu kwa wiki, skonzi 40, unalipa kila mzigo ukifika, baada ya hapo tuzungumze." Hapo nilimpima kwa vitu ninavyovijali. Sampuli ya bure ilikuwa mara moja tu.

Sambaza Mapema

Sawa, hiyo ya majaribio ya kulipia nimeielewa. Naikubali.

Bustani ya Bondeni

Mimi ni wa mboga, nyanya na letusi, ila kosa langu lilifanana na la mkate wako. Sampuli ya letusi niliikata saa nne jua likiwa kali, nikaiosha ipendeze, nikaifunga mbichi vile vile. Ilifika inang'aa. Kesho yake ilikuwa imelegea na kingo zina kahawia. Siku hizi nakata alfajiri kabla ya jua, nampa mpishi vichwa sita, namwomba atumie vitatu leo na vitatu avihifadhi kama anavyohifadhi mboga zake, avitumie kesho kutwa. Narudi siku hiyo nione. Mara mbili nimekuta vimeharibika. Niliona bora nivione hivyo kwenye sampuli kuliko kwenye mzigo wa kilo 30.

Mpokea Mzigo

Ndugu wa bustani kasema jambo kubwa. Sampuli ijaribiwe katika saa ambayo bidhaa italiwa. Mleta uzi, tufanye yako.

Kifungua kinywa hotelini mara nyingi kinafunguliwa saa kumi na mbili na nusu, na mkate unakaa mezani mpaka saa nne. Una njia mbili. Uwafikishie saa kumi na moja alfajiri, au uwafikishie jioni iliyotangulia. Oveni yako inabeba 24. Wakikuagiza 120 ni mizunguko mitano. Kila mzunguko chukua dakika 16 za kuoka na dakika chache za oveni kurudisha moto, jumla kama saa moja na dakika 40. Ongeza saa moja ya kupooza mzunguko wa mwisho, ongeza kufunga na safari, na kabla ya yote kukanda na kuumua. Ili ufike saa kumi na moja alfajiri unaanza kukanda kabla ya saa sita usiku, kila siku. Utaweza mwezi mmoja, wa tatu utaugua.

Ningekuwa wewe ningeomba kupeleka jioni, saa kumi na moja. Lakini sasa skonzi yako lazima iwe nzuri baada ya saa 14 na zaidi. Kwa hiyo sampuli yako ni mifuko miwili, mmoja umeokwa leo na mmoja umeokwa jana, kila mmoja umeandikwa. Mwambie mpishi bila kuficha, "Huu ni wa jana, ndivyo utakavyoukuta mezani." Kama wa jana unakuaibisha, usiende bado, rudi kwenye mchanganyiko wako. Mafuta zaidi kidogo na maziwa vinasaidia ulaini kudumu. Na waandikie wasiweke kwenye friji. Baridi ya friji inakausha mkate haraka kuliko meza. Kama wanataka kuweka akiba, waigandishe kabisa kwenye friza.

Saa ya kwenda ni saa tisa alasiri, katikati ya wiki. Mchana umeisha, usiku haujaanza, na mtu wa manunuzi yuko ofisini. Piga simu siku moja kabla, uliza jina la anayehusika na manunuzi ya jikoni, omba dakika kumi.

Mwokaji wa Usiku

Mkuu, nimesoma mara tatu. Jana usiku nilifanya jaribio lako. Nilifunga sita za moto na sita zilizopoa saa nzima, nikaziacha mpaka asubuhi. Za moto zilikuwa kama ulivyozieleza, ngozi imekunjamana na moja imeacha kipande chake kwenye mfuko. Zilizopoa zilikuwa kavu juu na laini ndani. Inaniuma kwamba niliwaacha wale watu na mifuko ile.

Kisha nikaazima mizani ndogo. Skonzi kumi nilizodhani ni sawa sawa: nyepesi kabisa gramu 51, nzito gramu 72.

Mpokea Mzigo

Hiyo ndiyo sababu ya swali la tatu. Hoteli inapanga gharama kwa mgeni mmoja kwa idadi, skonzi mbili kwa kila mgeni. Mgeni mmoja akipata 51 na mwenzake 72 kwenye kikapu kimoja, lawama ni ya mpishi. Na kama wanazikata kuweka nyama ndani, ndogo haitoshi na kubwa inazidi.

Kata kwa mizani, donge moja moja. Skonzi inapoteza kama sehemu ya nane ya uzito wake ikioka, kwa hiyo ukitaka gramu 60 kata donge la gramu 68 hivi. Kwa skonzi 120 ni donge la kilo 8 na robo kasoro kidogo. Kwa mchanganyiko wa skonzi tamu wa kawaida, unga wake unakuwa karibu kilo 4.7. Pima unga na maji kwa gramu, vikombe waachie majirani. Mikono itakuchosha siku tatu za kwanza, ya nne utakuwa unakata 68 bila kukosea sana.

Meza Kumi

Na swali la pili usilisahau, matumizi. Mimi skonzi laini sana siitaki. Naikata, naipasha kwenye bati, naweka mchuzi. Ile laini ya kuyeyuka mdomoni inafumuka mteja anapoishika. Uliza kabla hujaoka sampuli, si baada.

Bustani ya Bondeni

Naomba niongeze kwenye makaratasi, kwa sababu huko ndiko nilikolia. Kuna mahali nilipeleka nyanya karibu mwezi. Mpokeaji alikuwa anapima na kuandika kwenye daftari lake, mimi nikaamini. Mwisho wa mwezi ankara yangu na daftari lao vikatofautiana mizigo ya siku tisa. Sikuwa na karatasi hata moja yenye sahihi. Siku tisa zile sikulipwa mpaka leo, na sina wa kumlaumu kwa ushahidi.

Sasa nina kitabu cha hati za kupokelea mzigo, nakala mbili. Tunapima pamoja, kreti tupu tunaipima kwanza tunatoa uzito wake, na majani ya nje ya kabichi tumekubaliana mapema yanaondolewa kabla ya mizani au baada. Anaandika jina, saa, sahihi. Nakala moja yake, moja yangu. Mzigo bila sahihi narudi nao.

Mpokea Mzigo

Ni hivyo hivyo. Mhasibu anashika karatasi tatu, oda ya maandishi, hati ya kupokelea yenye sahihi, na ankara yako. Idadi zikilingana analipa. Ikikosekana moja anaiweka pembeni, na pembeni ya mhasibu ni mbali. Hata bila ubaya wowote ankara inaweza kukaa huko miezi miwili. Namba ya oda iandike kwenye ankara.

Mwokaji wa Usiku

Na malipo je? Rafiki yangu anasema hoteli zinalipa "siku 30". Naona si mbaya.

Mpokea Mzigo

Hapo ndipo wengi wanafia, tena wakiwa na bidhaa nzuri na mteja mzuri. Twende polepole.

Uliza siku 30 zinahesabiwa kuanzia lini. Mara nyingi ni kuanzia mwisho wa mwezi ambao ankara imeingia. Tuseme unaanza tarehe mosi, unapeleka siku sita kwa wiki, kama mizigo 26 kwa mwezi. Mwezi unaisha, hujalipwa. Mwezi wa pili wote unapeleka, hujalipwa. Mwisho wake ndipo inakuja hela ya mwezi wa kwanza. Siku hiyo umeshapeleka mizigo 52 na hujashika kitu.

Weka kila mzigo ni 100. Tuseme katika hiyo 100, unga, sukari, mafuta, gesi na usafiri vinakula 65. Mara 52 ni 3,380. Maana yake lazima uwe na akiba inayolingana na mauzo ya siku karibu 34 kabla hujaona malipo ya kwanza, na nusu yake na zaidi itabaki imelala kwao muda wote mkiwa mnafanya kazi. Muuza unga anakukopesha siku ngapi? Kama hakukopeshi, hiyo hela ni ya mfukoni kwako.

Sasa badilisha. Wiki inalipwa Jumamosi ya wiki inayofuata. Kilele ni mizigo 12. Mara 65 ni 780, akiba ya mauzo ya siku nane. Bidhaa ni ile ile na bei ni ile ile. Afadhali uwapunguzie bei kidogo wakulipe kwa wiki, kuliko bei nono ya siku 60. Ukikutana nao, jambo la malipo lizungumze kabla ya punguzo lolote.

Sambaza Mapema

Aisee. Mimi nilikuwa najiuliza kwa nini nina oda nyingi na sina hela ya unga.

Meza Kumi

Kwa upande wetu, tunaomba muda kwa sababu na sisi tunalipwa kwa kuchelewa na vikundi na makampuni. Lakini msambazaji mdogo akiniambia wazi, "Mtaji wangu unanitosha wiki mbili, baada ya hapo nitashindwa kuoka," namwelewa. Nikimnyima nitakosa mkate. Wanaonikera ni wale wanaokubali siku 30 halafu wiki ya pili wanapiga simu kuomba.

Mwokaji wa Usiku

Na lile jibu la "tuna msambazaji tayari" nilifanyeje?

Mpokea Mzigo

Kila hoteli ina msambazaji tayari, usilichukue kama mlango umefungwa. Usiombe kumng'oa. Uliza, "Ni siku gani mzigo wake hauji au haukutoshi?" Kuna asiyeoka Jumapili. Kuna anayezidiwa hoteli ikijaa. Omba hiyo siku moja. Mimi stoo nilikuwa na jina la pili ukutani kwa kila kitu, na jina la pili likifika kwa wakati mara tatu wakati la kwanza limeshindwa, mazungumzo yanabadilika yenyewe. Wala usimseme vibaya mwenzako, huenda ni ndugu wa mtu hapo.

Andika masharti kwenye ukurasa mmoja. Bidhaa na uzito wake. Idadi ya chini kwa oda, kwako labda 48, mizunguko miwili ya oveni. Oda ifike kabla ya saa ngapi siku iliyotangulia. Saa ya kufikisha. Bei na muda itakaodumu, miezi mitatu inatosha, na sharti kwamba unga ukipanda au kushuka zaidi ya sehemu ya kumi mtazungumza kwa notisi ya wiki mbili. Kasoro zikataliwe mlangoni wakati wa kupokea. Malipo lini. Kibali chako cha afya kiambatanishe kama sheria ya kwenu inakitaka, na orodha ya vilivyomo, ngano, maziwa, mayai, maana kuna wageni hivyo vinawadhuru. Usizidishe ukurasa mmoja, hawasomi zaidi.

Mwokaji wa Usiku (baada ya siku 16)

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Nilipiga simu Jumatatu, nikapewa jina la dada wa manunuzi. Jumatano saa tisa nikaenda na mifuko miwili, leo na jana, kila mmoja una jina, tarehe, uzito na vilivyomo. Mpishi aliitwa. Aliponiona alicheka, akasema, "Wewe ndiye wa zile za maji?" Kumbe ilikuwa vile vile. Nilimwambia ukweli, kwamba nilizifunga moto na sasa nimejua. Akauchukua mfuko wa jana kwanza. Alikata moja kwa kisu katikati, akaibana kwa vidole viwili, akaiachia, ikarudi. Halafu akaweka sita kwenye mizani ya jikoni, moja moja. Ya chini 59, ya juu 62. Dada wa manunuzi ndiye aliyesema, "Hizi zinalingana."

Nikauliza siku yao ngumu. Ni Jumapili, msambazaji wao haoki, wananunua Jumamosi asubuhi na mpaka Jumapili zimekauka. Nimepewa Jumamosi jioni, skonzi 96, kwa wiki sita za majaribio, na oda ya maandishi ninayo mkononi. Malipo nilisema nilivyofundishwa, kwamba mtaji wangu ni wa wiki mbili. Mhasibu hakupenda, ila amekubali kulipa kila baada ya siku 14 kwa kipindi cha majaribio, akisema baada ya hapo nitaingia kwenye utaratibu wao wa siku 30 kama wengine. Hilo halijaisha.

Jambo lililobaki linanisumbua. Wanataka zitakazobaki Jumapili nizichukue na nisizidai. Nimeomba muda wa kufikiri.

Mpokea Mzigo

Hongera sana. La kurudisha usikubali. Idadi wamepanga wao, wanajua wageni wangapi wamelala. Ukikubali, wataagiza kwa ulegevu na hasara ni yako.

Meza Kumi

Mimi sikubaliani, mkuu. Kwa hizo wiki sita ningekubali, ila kwa kikomo, tuseme skonzi tano katika kila 100, na zihesabiwe mbele yake Jumatatu. Kwa 96 ni kama tano tu. Inamwondolea mpishi hofu ya kujaribu mtu mpya.

Mpokea Mzigo

Kikomo kinaanza na tano, mwezi wa pili ni kumi. Nimekaa upande huo, najua tulivyokuwa tunafanya. Ila uamuzi ni wake.

Mama Kengele

Mwanangu, na zikirudi utazipeleka wapi? Skonzi za Jumamosi, leo Jumatatu. Jibu hilo kwanza. Mimi mboga zikirudi zina ng'ombe.

Mwokaji wa Usiku

Sina pa kuzipeleka, mama. Majirani wanataka za siku hiyo. Labda kuzikausha niuze kama za kuchovya kwenye chai, sijawahi kujaribu. Jumamosi hii ndiyo mzigo wa kwanza, naenda nao bila kukubali la kurudisha, na Jumatatu nitapita kuhesabu zilizobaki ni ngapi kweli, ndipo nijue tunabishania tano au thelathini. Nitarudi na hesabu.